Kopo la Lishe na Nusu ya Vifo: Namna ya Kulisoma Jaribio la NOURISH

Mwaka 2016 Nicolaas Deutz na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la NOURISH, lililofanyika katika hospitali za Marekani. Walichukua wagonjwa 652 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, waliolazwa kwa maradhi ya moyo, nimonia au ugonjwa sugu wa mapafu, na ambao tayari walikuwa na utapiamlo. Kundi moja lilipewa kinywaji cha lishe mara mbili kwa siku, jingine kinywaji cha kulinganishia. Habari iliyosambaa ni kwamba vifo vilipungua kwa nusu.

Sisi wataalamu wa lishe tukikaa kuisoma makala hii, macho hukimbilia nusu hiyo. Mimi huwaomba wenzangu warudi kwanza kwenye sehemu ya mbinu, waweke kidole juu ya swali ambalo watafiti waliahidi kulijibu. Swali lilikuwa hili: ndani ya siku 90 baada ya kuruhusiwa, ni wagonjwa wangapi watafariki au kurudi kulazwa bila kupangiwa? Mambo mawili yalihesabiwa pamoja. Jibu: asilimia 26.8 kwa waliopata lishe, asilimia 31.1 kwa wengine. Kitakwimu, pengo hilo linaweza kuwa la bahati tu. Kwa swali kuu, basi, jaribio halikuonyesha faida.

Vifo peke yake ndivyo vilivyotofautiana: asilimia 4.8 dhidi ya 9.7. Hapa panahitaji utulivu. Ukiligawa swali moja vipande, kisha ukapima pia uzito, siku za kulazwa na uwezo wa kujihudumia, ni sawa na kutega nyavu nyingi: mmoja unaweza kunasa kitu kwa bahati. Hata hivyo kifo hakikuokotwa baadaye. Kilikuwa sehemu ya swali la awali. Tena, kifo hakitegemei jicho la mpimaji kama inavyotegemea tathmini ya hali ya lishe. Kwa hiyo sikitupi kipimo hiki, ila nakipa uzito wa dokezo.

Tufanye hesabu. Ukitoa 4.8 kwenye 9.7 unabaki na 4.9 kwa kila wagonjwa 100. Maana yake, ili kuepusha kifo kimoja ni lazima kuwapa kinywaji wagonjwa 20 hivi. Lakini watafiti wenyewe waliandika kwamba idadi hiyo inaweza kuwa 11, na inaweza kuwa 121. Hospitali inayonunua makopo kwa wagonjwa 11 na ile inayonunua kwa 121 hazifanyi uamuzi mmoja. Anayetaja 20 bila kutaja mipaka hiyo ameficha nusu ya habari.

Jambo ninalolikazia zaidi ni kilichokuwamo kwenye chupa. Kinywaji cha lishe kilikuwa na kilokalori 350, protini gramu 20, na gramu 1.5 za HMB, kemikali ambayo mwili huitengeneza kutokana na leusini, mojawapo ya asidi amino. Kinywaji cha kulinganishia kilikuwa na kilokalori 48 tu. Basi hata tukikubali kwamba vifo vilipungua kweli, hatuwezi kujua kilichosaidia ni HMB, protini, au chakula chenyewe kumfikia mtu mwenye njaa. Ili kuisifu HMB, kundi la pili lingepaswa kunywa kinywaji chenye nishati na protini ileile bila HMB. Jaribio halikuuliza hivyo, kwa hiyo haliwezi kujibu hivyo.

Jaribio lilifichwa kwa mgonjwa na kwa mtafiti, jambo jema. Ila kinywaji kizito na chepesi huweza kujulikana kwa ulimi, kwa hiyo huangalia kama wagonjwa waliulizwa wanadhani wamepewa kipi. Huangalia pia waliotoweka kabla ya siku ya 90: kila kundi lilipoteza wangapi, na kwa sababu gani. Vifo vikiwa vichache, watu wachache wasiojulikana waliko wanaweza kuugeuza mzani.

Mwisho, mfadhili alikuwa Abbott, kampuni inayouza vinywaji vya lishe. Hilo halifanyi takwimu kuwa za uongo. Linatulazimisha kulinganisha makala na mpango uliosajiliwa kabla, tuone kama swali kuu lilibaki lilelile.

Uamuzi wangu: mgonjwa mzee aliyekonda na asiyemaliza sahani yake, mwongezeeni nishati na protini, maana hali ya lishe iliboreka katika jaribio hili. Kuhusu HMB, msiilipie zaidi kwa ushahidi huu, wala msiiahidi familia yake kwamba kopo litazuia kifo.