Maharage manne ya azimio la kazi

Daftari la nukuu la mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi huwa limepangwa vizuri. Katika mada ya kuota kwa mbegu huanza na maana ya kuota, zikafuata sehemu za mbegu, kisha mahitaji matatu: maji, hewa na joto. Muhula ukikaribia anatakiwa kuandaa azimio la kazi, na hapo wengi huzikata nukuu vipande na kuvipanga kwenye jedwali kwa mfuatano uleule. Safu zote zinajaa, lakini jedwali halimsaidii mtu darasani. Nukuu zinaeleza habari za mbegu. Azimio linatakiwa lieleze mwanafunzi atafanya nini, kwa kutumia nini, na lini.

Chukua sentensi moja ya nukuu: “Mbegu huhitaji maji, hewa na joto ili iote.” Sentensi hii haina safu yake katika azimio, na ni vyema ibaki daftarini. Kinachoingia kwenye jedwali ni jibu la swali hili: mwanafunzi aliyeielewa ataweza kufanya nini nikamwona? Ataweza kuthibitisha kwa jaribio. Hilo ndilo lengo. “Kuelewa mahitaji ya mbegu” hakufai, maana hakuna anayeweza kukuonyesha kuelewa kwake mpaka atende jambo.

Baada ya lengo, mimi hushauri uruke uandike upimaji kwanza, ndipo urudi kwenye shughuli. Ukishajua utamwomba mwanafunzi akuonyeshe nini mwishoni, shughuli zisizoelekea huko zinajitenga zenyewe. Safu moja ya mlalo itasomeka hivi:

| Lengo | Shughuli | Zana | Upimaji |
|---|---|---|---|
| Kuthibitisha kwa jaribio mahitaji ya mbegu kuota | Vikundi kuandaa chupa 4, kuzichunguza kila siku na kujaza jedwali la matokeo | Maharage, chupa, pamba, maji yaliyochemshwa, mafuta ya kula | Mwanafunzi anaeleza kila chupa imekosa nini na matokeo yake |

Chupa ya kwanza ina pamba yenye unyevu. Ya pili ina pamba kavu. Ya tatu ina maji yaliyochemshwa yakapoa, yamefunika mbegu na kumiminiwa mafuta juu ili hewa isiingie. Ya nne ina pamba yenye unyevu, lakini inawekwa kwenye jokofu. Kwa kuwa ndani ya jokofu ni giza, chupa ya kwanza nayo ifungiwe kabatini, vinginevyo mtoto atadhani mwanga ndio ulioleta tofauti. Maelezo haya yote ni ya andalio la somo. Kwenye azimio sentensi moja inatosha.

Sasa tazama muda, maana hapa ndipo mfuatano wa nukuu unapovunjika. Harage kwenye joto la Dar es Salaam huanza kutoa kimzizi baada ya siku tatu au nne. Ukiandaa chupa Alhamisi, pamba itakauka Jumamosi na Jumapili bila mtu wa kuilowesha, na Jumatatu hutakuwa na la kuonyesha. Andaa Jumatatu, matokeo yasomwe Ijumaa. Kipindi cha sehemu za mbegu kiwekwe katikati, watoto wapasue maharage yaliyolowekwa usiku kucha wakati chupa zinasubiri. Kwa hiyo jaribio linatangulia kwenye jedwali, ingawa daftarini lilikuwa mwisho. Makete, mwezi Juni kukiwa na baridi, mbegu huweza kuchelewa hata kupita wiki, na nafasi ya mada hiyo itabadilika pia.

Safu ya zana nayo idai idadi. “Zana halisi” haikuambii ununue nini. Darasa la wanafunzi 60 katika vikundi 10, kila kikundi chupa nne zenye maharage manne manne, linahitaji chupa 40 na maharage 160. Ukiona hesabu hiyo mapema utaamua kila kikundi kishike chupa moja, kisha vikundi vilinganishe. Shule isiyo na jokofu ifute chupa ya nne, na lengo la safu hiyo lipunguzwe libaki kwenye maji na hewa. Ukiacha neno “joto” kwenye lengo bila chupa yake, utampima mtoto kwa jambo ambalo hakulifanya.

Kabla ya kukabidhi, soma kila mlalo kutoka kushoto kwenda kulia, ukifuata kitenzi. Lengo likisema “kuthibitisha kwa jaribio” na upimaji ukasema “kutaja mahitaji matatu”, rekebisha mmojawapo.

Safu ya maoni iachwe tupu mpaka ufundishe. Chupa ya kwanza isipootesha kitu, andika hivyo na uandike tarehe: huenda maharage yalikuwa ya zamani au yametobolewa na wadudu. Otesha machache nyumbani kabla ya kurudia, na usogeze mlalo unaofuata wiki moja mbele.