Maziwa Huanza Kuchacha Kwenye Keni

Mchuuzi anakusanya maziwa alfajiri, anafunga keni kwenye baiskeli, na kabla ya saa nne asubuhi mteja analalamika kuwa yamekatika jikoni. Lawama humwangukia mfugaji au jua. Lakini mara nyingi chanzo ni utando mwembamba wa maziwa uliobaki ndani ya keni tangu jana. Usiku kucha bakteria wamezaliana humo. Asubuhi wanamiminiwa maziwa yenye joto la ng'ombe, nao hugeuza sukari yake kuwa asidi.

Kosa kubwa hufanyika kwenye maji ya kwanza. Ukimwaga maji yanayochemka kwenye keni chafu, protini ya maziwa huiva na kushika ukutani kama yai kwenye kikaango. Kwa hiyo, maziwa yakiisha tu, kabla hayajakauka, suuza kwa maji ya baridi au vuguvugu hadi maji yasitoke na weupe.

Baada ya hapo ndipo maji ya moto yenye sabuni isiyo na manukato yanafaa, kwa kuwa joto huyeyusha mafuta. Sugua kwa brashi, hasa shingoni na chini ya mfuniko, na uvue mpira wake. Waya wa chuma na mchanga huacha mikwaruzo ambamo bakteria hujificha. Suuza sabuni yote.

Sasa ndipo uue vijidudu vilivyobaki. Keni ya alumini ijaze maji yanayochemka, ifunike na uiache dakika chache. Blichi huila alumini. Ndoo ya plastiki isiyostahimili joto hilo itumie blichi ya kawaida ya asilimia 3.5, isiyo na manukato: kijiko kimoja cha chai kwa kila lita ya maji safi. Lowanisha kila sehemu ya ndani kwa dakika mbili, kisha mwaga. Kwenye uchafu blichi huisha nguvu, hivyo haiwezi kuchukua nafasi ya kusugua.

Inamisha chombo juu ya chanja, mdomo chini, kikauke chenyewe. Kitambaa hurudisha vijidudu, na mfuniko uliofungwa juu ya unyevu huwapa usiku mzima wa kuzaliana.

Kutambua usafi ni rahisi. Maji safi yakimiminwa ukutani yateremke kwa tabaka moja; yakijigawa matone, mafuta yamebaki. Dumu lenye mdomo mwembamba halikaguliki hivyo, wala mkono hauingii kusugua. Chagua chombo cha mdomo mpana.

Ukiendelea kupata hasara, pokea maziwa ya mfugaji mmoja, mengine yatie kwenye keni, mengine kwenye sufuria yenye mfuniko iliyochemshiwa maji. Yaweke pamoja kivulini. Ya keni yakitangulia kuchacha, tatizo ni chombo chako. Yakichacha kwa pamoja, kagua ndoo ya kukamulia, afya ya kiwele na muda wa safari.