Mwalimu Hayupo, Kipindi Kipo

Ni Jumanne, saa 3:15 asubuhi, katika shule ya sekondari ya kutwa. Zimebaki dakika tano kengele ya kipindi cha tatu igongwe. Monita wa kidato cha pili ameitwa ofisi ya walimu na kuambiwa mlangoni, "Kawaambie wenzako leo Kiswahili hakuna, wajisomee." Anarudi darasani, anasimama mbele na kutangaza, "Jamani, mwalimu hayupo." Alichotaka kusema baada ya hapo hakuna aliyekisikia. Madawati yamekwishaanza kusogezwa, na walio karibu na mlango wako nje.

Monita hakukosea kwa kuwa mdogo au mpole. Alitumwa na ujumbe usio na kazi ndani yake, na sentensi aliyoanza nayo ndiyo iliyolifungua darasa.

Hali ya namna hii si ngeni. Utafiti wa Benki ya Dunia uliofanywa mwaka 2014 katika shule za msingi za Tanzania, kwa watafiti kufika shuleni bila taarifa, ulikuta karibu nusu ya walimu hawamo darasani, ingawa wengi wao walikuwa shuleni siku hiyohiyo. Sababu zipo za kila aina: semina, kikao, usimamizi wa mitihani, maradhi, msiba. Nyingi kati ya hizo hujulikana mapema, na hapo mwalimu anaweza kumwachia monita maneno machache yaliyoandikwa, badala ya kumwachia kazi ya kutunga tangazo mbele ya wenzake sitini.

Maneno hayo yanatosha nusu karatasi ya daftari. Yana mambo manne tu: kipindi kipi, kazi gani, inakusanywa lini na nani, na mwenye shida amwone nani. Chukua Jumanne ileile. Kiswahili kina vipindi viwili mfululizo, cha tatu na cha nne, kuanzia saa 3:20 hadi saa 4:40, muda wa mapumziko. Mwalimu ameitwa semina, na siku moja kabla anaandika hivi:

"Naomba tusikilizane. Kipindi cha tatu na cha nne tunafanya kazi aliyoiacha mwalimu wa Kiswahili. Yeye leo hatakuwepo. Kazi iko ubaoni: vitenzi vitano, kila kimoja katika kauli tatu, na sentensi moja kwa kila kauli. Kila mtu afanye kwenye daftari lake la mazoezi. Aliyemaliza aandike aya moja kuhusu siku ya mavuno akitumia vitenzi hivyo. Nitakusanya madaftari saa 4:35. Mwenye swali aniambie, nitampelekea mwalimu wa zamu. Alhamisi mwalimu atasahihisha pamoja nasi."

Mpangilio wake una sababu. Kazi imetajwa kabla ya habari ya kutokuwepo, na habari yenyewe imepita katikati ya sentensi, ikifuatwa papo hapo na agizo la kutazama ubaoni. Darasa linaposikia "hatakuwepo" huwa limekwishajua kwamba kuna la kufanya. Ukiigeuza sentensi hiyo, habari ikatangulia, kazi itatangazwa wakati wa kelele.

Sababu ya kutokuwepo haimo kabisa, na imeachwa kwa makusudi. Monita akisema mwalimu anaumwa, ataulizwa anaumwa nini, na hana jibu. Akisema amekwenda semina, wapo watakaotaka kujua kama kesho pia hatakuja. Ujumbe unataja alichopewa monita akiseme. Mengine yanabaki kwa mwalimu mwenyewe. Halikadhalika hamna neno la vitisho. Orodha ya wapiga kelele, ambayo monita wengi huikabidhiwa pamoja na cheo, humgombanisha na wenzake na haimsaidii yeyote kunyambua kitenzi. Nidhamu ikishinda, ni ya mwalimu wa zamu.

Saa nayo imeandikwa pamoja na namba ya kipindi. Ratiba nyingi za ukutani huandika 9:20 pale wanafunzi wanaposema saa tatu na dakika ishirini, na tangazo la haraka huweza kuchanganya hesabu hizo mbili. "Kipindi cha tatu" hakina utata.

Penye udhaifu mara nyingi ni kwenye kazi yenyewe. "Jisomeeni" haina mwisho, kwa hiyo haina pa kuanzia pia. "Fanyeni zoezi la kitabuni" huvunjika iwapo darasa zima lina vitabu sita. Ndiyo maana katika mfano huu vitenzi vimeandikwa ubaoni: lima, soma, pika, funga na andika. Kauli ni ya kutendea, kutendwa na kutendeana. Hizo ni sentensi 15, zinazoweza kumshughulisha mwanafunzi wa kawaida karibu saa nzima kati ya dakika 80 zilizopo. Aya ya mavuno inawashika wanaomaliza mapema, kwa sababu hao ndio huanza mazungumzo.

Kabla ya kuondoka, mwalimu humwomba monita ausome ujumbe kwa sauti, kisha auseme bila kutazama karatasi. Akikwama mahali, hapo ndipo sentensi ni ndefu mno, na inafaa kukatwa. Nakala hubaki kwa mwalimu wa taaluma, ili monita asijekuwa shahidi peke yake. Kwenye jonali ya darasa, nafasi ya vipindi hivyo viwili hujazwa "kazi imeachwa" na jina la mada, isibaki wazi.

Kama tangazo limeeleweka hujulikana mapema. Dakika tano baadaye, mwanafunzi wa dawati la nyuma anaweza kueleza afanye nini na akabidhi lini. Mwishoni, idadi ya madaftari hulinganishwa na idadi ya waliohudhuria. Yakipungua mengi, kazi ilikuwa ngumu au haikusikika. Madaftari yenye sentensi mbili tatu kisha ukurasa mtupu yanaonyesha ni kauli ipi iliyowashinda, na mwalimu anaweza kuanzia hapo Alhamisi.

Vyuoni mambo hubadilika kidogo, kwa kuwa mwakilishi wa darasa hutangaza kwenye kundi la WhatsApp. Huko neno "leo" ni hatari, maana ujumbe husambazwa tena na kusomwa kesho yake. Tarehe kamili, jina la somo, ukumbi, na kama kipindi kitafidiwa au la, vyote huandikwa: "Jumatano, tarehe 12 Machi, somo la Takwimu la saa 4:00 asubuhi halitakuwepo. Litafidiwa Ijumaa, tarehe 14 Machi, saa 8:00 mchana, ukumbi uleule. Kabla ya hapo tufanye maswali 1 hadi 4." Bila sentensi ya pili, wengine wataelewa kimeahirishwa na wengine kimefutwa.

Inabaki siku ambayo hakuna karatasi: mwalimu ameugua usiku, na monita anagundua tu kwamba kipindi kimeanza bila mtu. Hapo hatungi kazi kwa niaba yake. Yanamtosha maneno mafupi: "Mwalimu wa Kiswahili bado hajafika. Naenda kwa mwalimu wa taaluma kuuliza. Nikirudi nitawaambia tunafanya nini. Kwa sasa kila mtu afungue daftari amalizie sahihisho la zoezi lililopita." Kisha humwachia msaidizi wake darasa, na hurudi na jibu hata kama jibu ni kwamba hakuna mwalimu wa kuingia.