Mzigo Mmoja, Madaftari Mawili

Mpunga ukishavunwa Mbarali, mashine za kukoboa za Ubaruku hujaa mchele na simu za Dar es Salaam huanza kuita. Mwenye kibanda Tandale ana wateja na ana fedha kiasi, lakini hajui mashine ipi inachanganya mchele wa mwaka jana na wa mwaka huu. Mwenzake aliyeko Ubaruku anajua hilo kwa kuutia mchele mdomoni tu, ila mtaji wake haufikii kujaza lori. Wakichanga, mzigo unapatikana. Hawafungui kampuni wala hawaunganishi maduka. Wanashirikiana kwa mzigo mmoja, na mzigo ukiisha, ubia nao umekwisha.

Ugomvi wa biashara ya namna hii mara nyingi hauanzii kwenye wizi. Unaanzia kwenye daftari. Kawaida mmoja ndiye anayeandika na mwingine anasubiri kuambiwa kilichopatikana. Anayesubiri hata akipewa haki yake kamili, hana njia ya kujua kwamba ni kamili. Wahasibu wana utaratibu wa zamani wa kuondoa tatizo hili: kila mbia anaandika kwenye daftari lake yale tu yaliyopita mikononi mwake, kisha mwisho wa mzigo madaftari mawili yanakutanishwa kwenye ukurasa mmoja. Hauhitaji kompyuta. Kaunta buku mbili zinatosha.

Tuchukue mfano, na bei zake ni za mfano pia. Wa Tandale tumwite Dada na wa Ubaruku tumwite Kaka, maana ndivyo wenyewe wangeitana. Wamekubaliana kununua gunia 100 za mchele, kila moja kilo 100 kwenye mizani. Dada anatuma shilingi milioni 10, Kaka anaongeza milioni 8 zake, na gunia moja linanunuliwa kwa 180,000. Kaka analipa ushuru wa halmashauri na wapagazi wa kupakia. Gunia 10 anaziuza huko huko Mbeya kwa mwenye hoteli, na 90 zinapanda lori kwenda Dar. Dada analipa lori, kushusha na stoo, kisha anauza.

Kaka anafungua ukurasa na kuuandika juu: "Ubia na Dada, mchele gunia 100." Anaugawa katikati. Upande wa kushoto anaandika alichotoa, wa kulia alichopokea.

Alichotoa Kaka:
Mchele gunia 100: 18,000,000
Ushuru wa halmashauri: 360,000
Kupakia: 240,000
Jumla: 18,600,000

Alichopokea Kaka:
Kutoka kwa Dada: 10,000,000
Mauzo ya gunia 10 kwa 210,000: 2,100,000
Jumla: 12,100,000

Dada naye ana ukurasa wake, "Ubia na Kaka". Kushoto kuna milioni 10 alizotuma, lori 900,000, kushusha 90,000 na stoo 210,000, jumla 11,200,000. Kulia kuna gunia 84 alizouza kwa 230,000, yaani 19,320,000. Gunia mbili zilinyeshewa njiani, akaziuza kwa 120,000 kila moja, 240,000. Zikabaki nne ambazo hazikupata mnunuzi haraka, akazichukua mwenyewe kwa kibanda chake kwa bei waliyoafikiana kwenye simu, 210,000 kila moja, 840,000. Jumla ya kulia ni 20,400,000.

Hizo gunia nne zinastahili kutazamwa vizuri. Dada hakupokea fedha yoyote, lakini ameandika kana kwamba amepokea, kwa sababu mali ya ubia imeingia kwenye biashara yake binafsi. Angeziacha bila kuziandika, faida ya wote wawili ingepungua na yeye angebaki na mchele. Ndivyo ilivyo kwa mchele wa nyumbani, wa sadaka, na ule wa kumpoza dalali: kila kilo inayotoka bila kuuzwa iwe na bei na iwe na jina la aliyeichukua.

Mzigo umekwisha. Sasa kila mmoja anaupiga picha ukurasa wake na kumtumia mwenzake, na wanatengeneza hesabu ya pamoja. Ukurasa huu wahasibu huuchukulia kuwa wa kumbukumbu tu. Kazi yake ni moja, kuonyesha kama mzigo umeleta faida au hasara. Gharama za Kaka 18,600,000 zinajumlishwa na za Dada 1,200,000, zinakuwa 19,800,000. Mauzo ya Kaka 2,100,000 yanajumlishwa na ya Dada 20,400,000, yanakuwa 22,500,000. Faida ni 2,700,000.

Msomaji makini atauliza zile milioni 10 za Dada zimekwenda wapi. Hazimo, na hazitakiwi kuwamo. Kutoka kwa Dada kwenda kwa Kaka, fedha imehama mfuko tu. Si gharama ya mzigo wala si mauzo. Gharama ni pale Kaka alipoikabidhi mashine. Ukiiingiza milioni 10 kwenye hesabu ya pamoja, utaihesabu fedha ileile mara mbili, na hili ndilo kosa linalowapata wengi wanaoanza.

Tugawane vipi? Hapa hesabu haina jibu la peke yake. Jibu lilipaswa kuandikwa kabla lori halijapakiwa. Nusu kwa nusu, kila mmoja anapata 1,350,000. Kwa mtaji wa 10 kwa 8, Dada anapata 1,500,000 na Kaka 1,200,000. Wakinyamaza, sheria inawaamulia. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ina sehemu inayohusu ubia, na pasipo makubaliano mengine inawapa wabia mgawo sawa wa faida na kuwabebesha hasara sawa, hata kama mmoja alitoa mtaji mkubwa zaidi. Wengi hulijua hilo wakiwa wamechelewa. Kwa mujibu wa fikihi, hasara ya shirika hufuata mtaji, na kwa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea Pwani, hata faida hufuata mtaji.

Mimi naona mtaji peke yake hautoshi kupima haki katika biashara ya mchele. Kaka alizunguka mashine siku kadhaa, na Dada alisimama kibandani akipigana na bei. Kwa hiyo mkataba wa mfano wetu unalipa kazi kwanza: Kaka 1,800 kwa kila gunia alilonunua, gunia 100, ni 180,000; Dada 2,000 kwa kila gunia alilopokea Dar, gunia 90, ni 180,000 pia. Inabaki 2,340,000 ya kugawanywa 10 kwa 8. Dada anapata 1,300,000 na Kaka 1,040,000. Ukijumlisha na malipo ya kazi, Dada ana 1,480,000 na Kaka ana 1,220,000.

Sasa kila mmoja anarudi kwenye daftari lake na kuongeza fungu lake upande wa kushoto. Kaka: 18,600,000 na 1,220,000 ni 19,820,000. Amekwisha pokea 12,100,000. Anadai 7,720,000. Dada: 11,200,000 na 1,480,000 ni 12,680,000. Amepokea 20,400,000. Anadaiwa 7,720,000. Namba ni moja, imefikiwa na watu wawili kutoka pande mbili, kila mmoja akiwa na karatasi zake. Dada anatuma hiyo fedha, kurasa zote mbili zinafungwa.

Namba zisipolingana, tazama kwanza fedha zilizotumwa kati yenu. Dada ameandika 10,000,000, Kaka ameandika 9,980,000 kwa sababu makato yalikatwa njiani. Waamue makato ni gharama ya mzigo, kisha wote waandike kiasi kilekile kilichofika na Dada aweke makato kwenye mstari wake wa gharama. Baada ya hapo, tafuta risiti ambayo mmoja anayo na mwingine hakuitumiwa picha.

Lakini kulingana kwa namba kusikulaze usingizi. Dada asingeziandika zile gunia nne, mauzo ya pamoja yangekuwa 21,660,000, faida ingeshuka hadi 1,860,000, na bado madaftari mawili yangekutana kwenye namba moja bila shida, kwa kuwa hesabu ya pamoja inatokana na maandishi yaleyale yenye upungufu. Fedha haimfichui anayesahau kuandika. Gunia ndizo zinazomfichua. Kwa hiyo chini ya hesabu ya pamoja pawe na mstari mmoja wa mzigo: gunia 10 za Mbeya, 84 za bei nzuri, 2 zilizolowa, 4 alizochukua Dada, jumla 100. Kilo nazo zipimwe mara mbili, zinapopakiwa na zinaposhushwa, kwa sababu gunia linaweza kufika likiwa limeshonwa vizuri na limepungua kilo tatu.

Mkopo una kanuni yake. Mama lishe akichukua gunia mbili "nitakulipa Ijumaa", Dada aandike mauzo siku hiyo au asubiri fedha? Vyovyote, waafikiane mapema. Utaratibu ninaoupenda ni kwamba anayekopesha bila kumuuliza mwenzake analibeba deni mwenyewe: anayaandika kama mauzo yaliyolipwa, na Ijumaa isipofika ni shauri lake. Akiuliza na kukubaliwa, deni likipotea ni hasara ya wote.

Hasara yenyewe igawanywe kwa kanuni iliyoandikwa kama faida. Bei ikianguka na mzigo ukapoteza 900,000, kwa mtaji wa 10 kwa 8 Dada anabeba 500,000 na Kaka 400,000. Waandike pia kama malipo ya kazi yatatolewa hata katika hasara, maana hapo ndipo anayefanya kazi na aliyetoa fedha huanza kutazamana vibaya.

Na mzigo wa pili, hata ukinunuliwa wiki inayofuata kwa fedha zilezile, ufunguliwe ukurasa mpya. Zile 7,720,000 zitumwe kwa Kaka kwanza, zisomeke kwenye simu yake, ndipo atume tena mchango wake. Ukiziacha zikae kwa Dada kama mtaji wa safari ijayo, gunia zilizolowa za mzigo wa kwanza zitaonekana kwenye hesabu za wa pili, na hamtajua tena ni mzigo upi uliowalipa.