Namba mbili zinazoumbua mafuta ya nazi

Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa kiwandani hayana rangi ya maana wala harufu. Ukiyachanganya na mafuta ya nazi, pua haitambui kitu, kwa kuwa harufu ya nazi hufunika kila kitu. Kemia ina njia yake ya kuyaumbua, nayo ni ya zamani: vipimo viwili vya karne ya 19 ambavyo maabara bado zinavitumia.

Mafuta ni molekuli za gliseroli zilizobeba minyororo mitatu ya asidi za mafuta kila moja. Zikichemshwa na haidroksidi ya potasiamu, kila mnyororo unaoachia gliseroli hula molekuli moja ya haidroksidi hiyo, uwe mfupi au mrefu. Mambo ni kama kuhesabu vichwa sokoni: kilo ya dagaa ina vichwa vingi kuliko kilo ya changu. Vivyo hivyo, gramu ya mafuta yenye minyororo mifupi ina minyororo mingi zaidi, kwa hiyo hula haidroksidi nyingi zaidi. Miligramu zinazoliwa na gramu moja ya mafuta ndizo namba ya sabuni. Mkemia Köttstorfer aliipendekeza mwaka 1879 ili kuwanasa waliochanganya siagi na mafuta mengine.

Karibu nusu ya asidi za mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, yenye kaboni 12 tu. Ndiyo maana namba yake ya sabuni ni kubwa, kati ya 248 na 265. Alizeti, ambayo minyororo yake mingi ina kaboni 18, huishia karibu 190.

Namba ya iodini hujibu swali lingine: je, minyororo ina vifungo maradufu vingapi? Kila kifungo maradufu hupokea atomi mbili za iodini, na gramu za iodini zinazopokelewa na gramu 100 za mafuta ndiyo namba yenyewe. Nazi, ambayo karibu yote imeshiba haidrojeni, hupata kati ya 6 na 11. Mawese yako karibu 53, na alizeti hufika 130 au zaidi. Vifungo hivyo huipinda minyororo isipangane vizuri, na ndiyo sababu mojawapo alizeti hubaki kimiminika hata kukiwa na baridi.

Tuchukue sampuli inayodaiwa kuwa nazi tupu. Gramu 2 zinachemshwa kwa saa moja na haidroksidi iliyoyeyushwa katika pombe, kisha haidroksidi iliyobaki inapimwa kwa asidi ya nusu moli kwa lita mpaka rangi ya waridi ya fenolftalini ipotee. Chupa isiyo na mafuta inatumia mililita 25.0, ya sampuli inatumia 7.7 tu. Tofauti ni 17.3, na hesabu inakuwa hivi:

56.1 × 17.3 × 0.5 ÷ 2 = 243

Nazi ya kawaida ingetoa kama 256. Kwa hiyo kuna minyororo mirefu iliyoingia, lakini ya nini? Kama ni mawese yenye namba 200, kushuka huko kungehitaji karibu asilimia 23, na namba ya iodini ingekuwa kama 18. Kama ni alizeti, asilimia 20 ingetosha, na iodini ingepanda hadi 32. Kipimo cha iodini kinatoa 32. Mhalifu ni alizeti, au mafuta yanayofanana nayo sana.

Hapo ndipo faida ya kutumia namba zote mbili. Alizeti ikiwa asilimia 10 tu, namba ya sabuni ingekuwa kama 249, ambayo bado inapita. Iodini ingekuwa 20, nayo isingepita.

Lakini namba hizi ni wastani, na wastani huficha mengi. Mafuta ya kiini cha mbegu ya mawese yana lauriki nyingi kama nazi. Changanya asilimia 20 ndani ya nazi na namba zote mbili zinaweza kubaki kwenye mipaka halali, na hapo maabara italazimika kutenganisha asidi moja moja kwa kromatografia ya gesi.

Anayeumia kwanza ni mtengeneza sabuni. Kilo ya nazi yenye namba 256 huhitaji gramu 182 hivi za kostiki soda, ila mchanganyiko wetu wa 243 unahitaji 173 tu. Wengi huacha asilimia 5 ya mafuta yasigeuke sabuni ili isikaushe ngozi. Gramu 9 hizo za ziada zinaila akiba hiyo yote, na sabuni inatoka kali. Kabla hujapika sabuni kwa pipa la mafuta usilolijua, dai namba ya sabuni ya pipa hilo lenyewe, siyo iliyoandikwa kwenye jedwali la kitabu.