Jibu Liko Pale Hesabu Inapoanzia

Mwanafunzi wa kidato cha sita, au wa mwaka wa kwanza chuoni, anaulizwa: x ikisogea kuelekea sifuri, usemi huu unakaribia namba gani?

(1/x) ∫₀ˣ e^(t²) dt

Mwenye bidii hushika kalamu na kuanza kuitafuta integrali. Anajaribu kubadilisha herufi, anajaribu kugawa vipande, anageuza karatasi. Hatafika, na si kwa uzembe. Katika miaka ya 1830 Mfaransa Joseph Liouville alijenga nadharia ambayo kwayo inathibitika kwamba integrali ya e^(t²) haiandikiki kwa fomula tulizozoea: vipeo, mizizi, logi, sin, cos na michanganyiko yake. Fomula anayoitafuta mwanafunzi haipo kabisa.

Hata hivyo swali lina jibu, na jibu ni 1. Linapatikana kwa mistari miwili bila kukokotoa integrali hata kidogo. Ninaupenda mfano huu kwa sababu unaonyesha kanuni ya msingi ya kalkulasi ikifanya kazi yake halisi, wakati darasani mara nyingi huachwa kama njia tu ya kutafutia maeneo chini ya grafu.

Tuanze na maana. Integrali ni mkusanyiko. Fikiria bomba lenye dira ya maji, na f(t) iwe kasi ya maji wakati t, kwa lita kila dakika. Basi ∫₀ˣ f(t) dt ni lita zote zilizopita tangu dakika sifuri hadi dakika x, yaani tofauti ya namba mbili zinazosomwa kwenye dira. Ukizigawa lita hizo kwa x unapata wastani wa kasi katika muda huo. Kuipeleka x kwenye sifuri ni kuufupisha muda wa kupimia: dakika moja, nusu dakika, sekunde moja, sehemu ya sekunde. Kama maji hayabadiliki kwa ghafla, wastani wa muda mfupi mno hauwezi kuwa mbali na kasi iliyokuwapo pale kipimo kilipoanza. Hiyo ni f(0).

Kinachowatisha wengi ni kwamba kiasi na asili vyote viwili vinakwenda sifuri. Muda ukiwa sifuri, hakuna lita iliyopita, na kugawa sifuri kwa sifuri hakuna maana. Lakini kikomo hakiulizi kinachotokea x ikiwa sifuri kamili. Kinauliza uwiano wa vitu viwili wakati vyote vinapungua, na uwiano unaweza kutulia hata kama vyenyewe vinatoweka.

Hapo ndipo kanuni ya msingi inapoingia. Uite mkusanyiko huo F(x) = ∫₀ˣ f(t) dt. Kukusanya kuanzia sifuri hadi sifuri hakuzai kitu, kwa hiyo F(0) = 0. Basi

F(x)/x = (F(x) − F(0))/(x − 0)

Upande wa kulia si kitu kigeni. Ni badiliko la F likigawanywa kwa badiliko la x, na kikomo chake ndicho kinachoitwa kasi ya kubadilika kwa F pale sifuri. Kanuni ya msingi inasema kwamba kasi ya kubadilika kwa mkusanyiko ni kile kinachokusanywa: F′(0) = f(0), mradi f haikatiki pale sifuri. Katika swali letu f(0) = e⁰ = 1. Kazi imekwisha.

Uhusiano huu wa kukusanya na kubadilika ulionekana kwa sura ya kijiometri katika kitabu cha Mwingereza Isaac Barrow cha mwaka 1670, kisha Newton na Leibniz wakaufanya kuwa nyenzo ya kukokotolea. Aliyeutolea uthibitisho unaokaribia ule wa vitabu vya leo ni Augustin-Louis Cauchy, katika masomo yake aliyoyachapisha Paris mwaka 1823. Hoja yake ni ya kubana, na tunaweza kuifuata kwa namba zetu wenyewe. Kati ya t = 0 na t = 0.1, e^(t²) haishuki chini ya 1 wala haipandi juu ya e^(0.01), ambayo ni karibu 1.01005. Kwa hiyo eneo chini ya grafu liko kati ya 0.1 na 0.101005. Ligawe kwa 0.1, na wastani umebanwa kati ya 1 na 1.01005. Ifanye x iwe 0.01, na ukuta wa juu unashuka hadi karibu 1.0001. Wastani hauna pa kwenda isipokuwa 1.

Kompyuta ikikadiria integrali yenyewe, inathibitisha hivyo. Kwa x = 1 wastani ni 1.46265, kwa x = 0.5 ni 1.08997, kwa x = 0.1 ni 1.00334. Uchukue pia x upande hasi: kwa kuwa grafu ya e^(t²) inafanana pande zote mbili, namba ni zilezile.

Ukishaiona picha, maswali yanayofanana nayo hupungua ukali. Kama kikomo cha juu cha integrali ni 3x badala ya x, kiasi ni F(3x), na F(3x)/x ni sawa na 3 × F(3x)/(3x), ambayo inaelekea 3f(0). Lita zimekusanywa kwa muda mara tatu ya ule tuliougawia. Kama kikomo cha juu ni x², unaandika F(x²)/x = x × F(x²)/x², na jibu ni sifuri, kwa sababu sehemu ya pili inatulia kwenye f(0) huku x ya mbele ikipungua. Lakini kama integrali inaanzia 1 badala ya 0, simama kwanza. x ikikaribia sifuri, ∫₁ˣ e^(t²) dt inakaribia −1.46265, si sifuri. Namba hiyo ukiigawa kwa x ndogo mno, inashuka bila kikomo upande wa kulia wa sifuri na kupanda bila kikomo upande wa kushoto. Njia yetu haina nafasi hapo, na ndiyo maana cha kwanza kuangalia ni kama kiasi kweli kinakufa pamoja na asili.

Mtego mwingine ni wa siri zaidi. Tazama (1/x) ∫₀ˣ cos(t/x) dt. Mwenye haraka anaweka t = 0, anapata cos 0 = 1, na anaendelea na swali linalofuata. Jibu sahihi ni sin 1, karibu 0.8415. Kosa liko wapi? x imejificha ndani ya kitu kinachokusanywa, kwa hiyo hatuna f moja isiyobadilika. Kila tunapoifupisha x, f nayo inageuka. Ukiweka u = t/x, usemi wote unakuwa ∫₀¹ cos u du, ambao hauna x tena, na thamani yake ni sin 1 kwa kila x isiyo sifuri. Kwa hiyo soma kwa makini kilicho ndani ya integrali: t peke yake inaruhusiwa kutembea.

Sharti la kutokatika nalo lina uzito. Rudi kwenye bomba, na tuseme koki ilifunguliwa dakika sifuri kamili: kabla yake hakuna maji, baada yake lita 12 kila dakika. Ukipima kwenda mbele, wastani ni 12 kwa muda wowote ule. Ukipima kurudi nyuma, ni 0. Pande mbili hazikubaliani, kwa hiyo kikomo hakipo. Grafu ya F ina kona pale sifuri, na kona haina mwinamo mmoja.

Je, kila f inayokatika huharibu mambo hivyo? Hapana, na mfano wa kulithibitisha ni f(t) = cos(1/t). Karibu na sifuri inapanda hadi 1 na kushuka hadi −1 mara zisizo na idadi, wala haitulii kwenye namba yoyote. Watu wengi hapa hukimbilia kanuni inayobeba jina la de l'Hôpital, aliyeichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1696: chukua kasi ya kubadilika ya kiasi na ya asili, kisha tafuta kikomo cha uwiano wao. Juu unapata cos(1/x), chini 1. cos(1/x) haina kikomo, basi mwanafunzi anaandika kwamba kikomo hakipo, na anakosa alama.

Kanuni hiyo inakwenda upande mmoja tu. Uwiano mpya ukiwa na kikomo, wa zamani unacho hichohicho. Usipokuwa nacho, kanuni iko kimya. Haijasema chochote kuhusu swali la awali.

Tukokotoe, basi. Kasi ya kubadilika ya t² sin(1/t) ni 2t sin(1/t) − cos(1/t). Ukipanga upya na kukusanya kuanzia 0 hadi x, unapata

∫₀ˣ cos(1/t) dt = ∫₀ˣ 2t sin(1/t) dt − x² sin(1/x)

sin haivuki 1 wala −1, kwa hiyo, x ikiwa chanya, kila kimoja cha vipande viwili vya kulia hakizidi x² kwa ukubwa. Kwa pamoja havizidi 2x². Gawa kwa x, na wastani wote uko kati ya −2x na 2x. Kwa x = 0.01 hauwezi kuwa mbali na sifuri zaidi ya 0.02, kwa x = 0.001 zaidi ya 0.002. Upande hasi unafanana na huu. Kikomo kipo, nacho ni 0, kwa sababu kupanda na kushuka kwa haraka kunafutana ndani ya mkusanyiko.

Namba tunayoipa f pale sifuri penyewe haigusi matokeo haya hata kidogo, kwani nukta moja haina eneo. Amua kwamba f(0) = 0, na F′(0) = f(0) inabaki kweli ingawa f inakatika. Amua kwamba f(0) = 5, na kikomo kinabaki 0 vilevile, lakini sasa hakilingani na f(0), na kanuni ya msingi haijavunjika, kwa sababu haikuahidi lolote mahali ambapo f inakatika.