Gundi kwenye Mstari wa Mbele wa Nywele: Jinsi Inavyong'oa Nywele na Namna Salama ya Kuiondoa

Mwanamke mwenye umri wa miaka 29, mkazi wa Dar es Salaam, anafika kliniki ya ngozi akiwa amejifunga kilemba. Kwa miezi minane amekuwa akivaa wigi lenye wavu mwembamba mbele, lile linalobandikwa kwa gundi kuanzia sikio moja, kupita juu ya paji la uso, hadi sikio la pili. Kila baada ya wiki mbili hulibandua na kulibandika upya. Anapofungua kilemba, juu ya kila panja huonekana ukanda wenye upana wa takriban sentimita mbili ambao nywele zake zimepungua mno. Ndani ya mfuko wa nailoni ameleta kipande cha gundi alichobandua siku mbili zilizopita, nacho kimejaa nywele. Swali lake ni moja: je, zitaota tena?

Mfano huu unafanana na habari za wanawake wengi wanaofika kliniki za ngozi. Ili kulijibu swali hilo, inafaa kwanza kukitazama kile kipande cha gundi, kwa maana ndicho chenye ushahidi.

Ushahidi uliomo katika gundi

Si kila unywele ulionaswa na gundi umeng'olewa. Kwa kawaida, mtu hudondosha nywele kati ya 50 na 100 kwa siku kutoka kichwa kizima. Nywele hizo zimemaliza muda wake wa kukua, zikaingia katika awamu ya mapumziko, na sasa zinaachia zenyewe. Mtu anayechana nywele kila siku huziona kwenye kitana. Aliyebandika wigi kwa wiki mbili hazioni, kwa kuwa zilizokuwa chini ya gundi zimebaki pale pale. Siku ya kubandua hutoka zote kwa pamoja, naye hushtuka.

Hata hivyo, eneo linalobandikwa ni ukanda mwembamba tu wa kichwa. Zikitoka nywele nyingi mno, kudondoka kwa kawaida hakutoshi kueleza hali hiyo. Hapo ndipo inapofaa kuchukua nywele chache na kuzitazama ncha zake kwenye mwanga mzuri, juu ya karatasi nyeupe kwa nywele nyeusi.

Unywele uliodondoka wenyewe huwa na kifundo kidogo cheupe na kikavu kwenye mzizi, mfano wa kichwa cha pini. Unywele uliong'olewa ungali ukikua huwa na mzizi laini, wenye unyevunyevu, ambao mara nyingi umezungukwa na ala nyembamba inayopenyeza mwanga. Ala hiyo ni sehemu ya kifuko kilichoushika unywele ndani ya ngozi, nayo imechomolewa pamoja nao. Unywele usio na kifundo wala ala umekatika njiani, na mzizi wake umebaki salama. Katika kipande cha mgonjwa wetu, nywele nyingi zilikuwa za aina ya pili. Kwa hiyo madhara makubwa yalikuwa yakitokea siku ya kubandua.

Kwa nini gundi hung'oa

Nywele za kando ya paji la uso si sawa na zile za utosini. Ni nyembamba zaidi, fupi zaidi, na nyingi miongoni mwake zina kipindi kifupi cha kukua. Zile za mbele kabisa, laini kama malaika, hushikwa na vifuko vidogo visivyozama sana ndani ya ngozi. Nguvu ambayo unywele wa utosini ungeihimili inatosha kuzichomoa hizi.

Gundi zinazotumika saluni ni za aina mbili hasa. Ya kwanza ni gundi nzito, aghalabu nyeusi, yenye lateksi ambayo asili yake ni utomvu wa mpira. Hutumika kubandikia tepe za nywele za bandia. Ya pili ni gundi ya akriliki, nyeupe inapopakwa na angavu inapokauka, inayotumika kubandikia wavu wa wigi. Zote mbili zikikauka hugeuka utando unaounganisha ngozi, nywele za mtu na nywele za bandia kuwa kitu kimoja. Anayevuta utando huo havuti unywele mmoja mmoja, bali huvuta kila kilichonaswa ndani yake.

Kabla ya siku hiyo kuna madhara mengine ya polepole. Nywele za bandia zina uzito, na zikifungwa nyuma kwa nguvu, uzito huo huvuta mstari wa mbele mchana kutwa. Jasho nalo huinua kingo za utando, hasa katika joto la pwani, na wengi hurekebisha kwa kuongeza gundi mpya juu ya ile ya zamani. Kila tabaka linaloongezwa huzidisha idadi ya nywele zilizonaswa, na hufanya kazi ya kubandua kuwa ngumu zaidi.

Ngozi iliyofunikwa inaweza pia kuwashwa au kupata mzio wa lateksi au akriliki, na vifuko vya nywele vinaweza kuvimba. Kifuko kilichovimba hulegeza unywele wake. Nywele zilizolainishwa kwa dawa zimo katika hatari kubwa zaidi. Tafiti za Cape Town zilizoongozwa na Profesa Nonhlanhla Khumalo, zilizochapishwa mwaka 2007 na 2008, zilionesha kuwa upara wa kuvutwa ulimpata karibu mwanamke mmoja kati ya watatu waliochunguzwa, na kwamba kuvuta nywele zilizotiwa dawa huongeza hatari hiyo.

Namna ya kuiondoa gundi

Kanuni ya msingi ni kwamba gundi haitolewi kwa nguvu. Huyeyushwa au hulainishwa mpaka iachie yenyewe. Maji peke yake, hata yakiwa ya moto, hayatoshi kwa gundi nyingi za aina hizi, kwa kuwa zimetengenezwa zistahimili jasho. Mgonjwa wetu alikuwa akibandua bafuni kwa maji ya moto, kwa dakika ishirini, akivuta kila yanapoteleza. Kazi hiyo inahitaji muda wa saa moja au zaidi, mafuta na subira.

Kwanza, nywele za bandia hufungwa nyuma bila kukazwa, na zikiwa ndefu sana hupunguzwa kwa mkasi ili uzito usivute. Taulo hufungwa juu ya nyusi, na kichwa huinamishwa nyuma ili kitakachopakwa kisitiririkie machoni.

Pili, mstari wote wa gundi hulowanishwa kwa pamba iliyochovywa mafuta ya nazi, ya zeituni au ya watoto, au kwa dawa ya kuondolea gundi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mafuta yaingie chini ya ukingo, si juu ya wavu tu. Huachwa kwa dakika 15 hadi 20, na taulo lenye uvuguvugu juu yake husaidia. Dawa zenye spiriti hushika moto kwa urahisi, hivyo zisitumiwe karibu na jiko au mshumaa, wala kwenye ngozi yenye vidonda.

Tatu, kazi huanzia kwenye kona iliyolegea. Vidole vya mkono mmoja hukandamiza ngozi na nywele za mtu mwenyewe, na mkono wa pili husogeza ukingo taratibu, ukiwa umelala karibu na ngozi, bila kuunyanyua juu. Utando ukiteleza, kazi huendelea. Ngozi ikinyanyuka pamoja na utando, au maumivu yakisikika, gundi hapo haijalainika: kazi husimama, mafuta huongezwa, na husubiriwa dakika kumi nyingine. Hilo linaweza kurudiwa mara tatu au nne.

Nne, mabaki yaliyoshika nywele hupakwa mafuta tena, husuguliwa kati ya ncha za vidole mpaka yawe vidonge vidogo, kisha huteremshwa kwa kitana chenye meno yaliyoachana, kuanzia nchani kuelekea mzizini. Baada ya hapo nywele huoshwa kwa shampuu na kupakwa kondishena. Mabaki yasiyotoka siku hiyo yaachwe hadi uoshaji unaofuata. Kuyakwangua kwa wembe au kucha hujeruhi ngozi, na asetoni au petroli huiunguza.

Aliyebandikwa kwa gundi ya papo hapo, ile ya kuunganishia vitu vilivyovunjika, asijaribu kuivunja mwenyewe. Gundi hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya kichwa. Ikiwa imeshika sehemu kubwa au iko karibu na jicho, afike hospitali.

Je, zitaota tena?

Unywele kung'oka hakuui kifuko chake mara moja. Kifuko kilichobaki kizima hutengeneza unywele mwingine. Lakini kikichomolewa unywele mara kwa mara, huku kimevimba, mwishowe hugeuka kovu, na kovu haliotishi nywele. Alama za awali ni wekundu au weusi wa ngozi, maumivu na vipele vyenye usaha kando ya nywele. Alama ya kuchelewa ni ngozi laini inayong'aa, isiyo na vitundu vya nywele.

Kuna jambo moja linalomtaka daktari awe mwangalifu. Kwa wanaosuka kwa kukaza, vinyweleo vifupi vya mbele kabisa mara nyingi husalia kama pindo, kwa kuwa ni vifupi mno kushikwa na msuko, na pindo hilo humsaidia daktari kuutambua upara wa kuvutwa. Gundi huweza kuvinasa hata hivyo. Pindo likikosekana, daktari hutazama pia nyusi, kwani zikipungua pamoja na nywele za mbele, huenda chanzo ni ugonjwa mwingine unaohitaji tiba tofauti.

Nyusi za mgonjwa wetu zilikuwa kamili, na vitundu vya nywele vilionekana karibu ukanda wote. Aliacha kabisa gundi na misuko ya kukaza, akatibiwa uvimbe kwa krimu ya steroidi kwa muda maalumu, kisha akaanza minoksidili ya kupaka, dawa isiyofaa kutumiwa na mjamzito bila ushauri wa daktari. Nywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, hivyo hakutarajiwa kuona mabadiliko ya maana kabla ya miezi mitatu. Mwezi wa nne nywele fupi zilionekana mapanjani. Sehemu moja ndogo juu ya sikio la kushoto, ambako ngozi ilikuwa imeshakuwa laini na kung'aa, imebaki wazi. Hapo njia iliyobaki ni kupandikizwa nywele, nayo haifanywi mpaka mvuto uwe umekoma.

Anayeona vipele vyenye usaha, au ukanda wa mbele ukirudi nyuma, afike kliniki ya ngozi katika wiki hizo hizo. Na yeyote anayevimba uso au kupumua kwa shida baada ya kupakwa gundi aende hospitali mara moja, na aeleze aina ya gundi aliyopakwa.